Kichwa cha video kilipotosha watu: jinsi ya kukisahihisha na kuomba radhi kwa ujumbe uliobandikwa juu ya komenti

Neno lililoharibu lilikuwa moja tu: "kabisa". Video ilikuwa ya dakika 11, iko YouTube, na kichwa chake kilisomeka "Rejesha picha ulizofuta kabisa kwenye simu". Nilikiandika kabla ya kurekodi, nikiwa na nia ya kuweka pia sehemu ya kutafuta picha kwa kompyuta. Sehemu hiyo mwishowe sikuirekodi, ila kichwa nikakiacha kama kilivyo. Video iliyotoka ilifundisha jambo moja: kufungua pipa la taka la Google Photos na kurudisha picha ambazo bado zimo ndani yake. Picha iliyokwisha kuondolewa pipani, video ile haiirudishi.

Siku ya tatu mtazamaji mmoja akaandika kwamba alisoma kichwa, akaamini kuwa hata picha zilizofutwa kabisa hurudi, akamwaga pipa lake ili simu ipate nafasi, na baadaye ndipo akaitazama video. Kabla ya hapo nilidhani kichwa kibaya humpotezea mtu dakika chache tu. Kumbe mtu anaweza kutenda kwa kusoma kichwa peke yake bila hata kubofya. Kwa sababu hiyo marekebisho yana mpangilio wake: unaanza na kile kinachoendelea kudhuru watu sasa hivi, radhi inafuata mara moja, na usafi wa mambo mengine unakuja baadaye. Nitaeleza hatua kwa mpangilio huo, nikitumia video hiyo hiyo kama mfano.

Kwanza, weka ushahidi wa kosa

Kabla ya kugusa chochote, nakili kichwa cha zamani herufi kwa herufi, nakili maelezo yote, pakua picha ya jalada, na andika tarehe na saa. Ukishahifadhi kichwa kipya kwenye YouTube Studio, cha zamani hakibaki mahali pa kukirudia, nawe utakihitaji: ujumbe wa radhi unapaswa kukitaja kama kilivyokuwa. Kazi hii inachukua dakika mbili. Niliwahi kuiruka kwenye video nyingine, nikajikuta nasahihisha kosa nisilolikumbuka vizuri.

Chukua pia picha ya skrini ya takwimu za video kama zilivyo siku hiyo, hasa mchoro wa muda ambao watu wanabaki wakitazama. Utaulinganisha baadaye.

Amua kama video yenyewe inafaa kubaki

Jiulize swali moja: ukikifunika kichwa na picha ya jalada, je, mtu akitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho atajifunza jambo la kweli? Kama jibu ni ndiyo, kosa liko nje ya video, na unaweza kuisahihisha ikiwa hewani. Kama ni hapana, yaani maudhui yenyewe ni ya uongo au yanaweza kumdhuru anayeyafuata, ifanye kuwa ya faragha mara moja, kisha ufikirie. YouTube haikuruhusu kupakia faili jipya juu ya anwani ile ile, kwa hiyo video iliyokosewa ndani huhitaji kupakiwa upya kama video nyingine.

Yangu ilikuwa katikati. Mafundisho yalikuwa sahihi, lakini kati ya 0:09 na 0:16 nilisema kwa mdomo wangu "hata zile ulizofuta kabisa". Jambo kama hilo huonekana tu ukiitazama video yote tena, polepole, ukiwa na kalamu mkononi. Usiamini kumbukumbu yako. Nilipoitazama nilikuta kosa la pili pia, dakika ya 6:40, ambalo hakuna mtazamaji aliyelitaja. Nitalirudia.

Badilisha kichwa na picha ya jalada kwa pamoja

Ingia YouTube Studio, fungua Content, chagua video, na kwenye ukurasa wa Details badilisha kichwa na picha ya jalada kabla ya kubonyeza Save. Vibadilishe kwa mkupuo mmoja. Nimeona watu wakisahihisha kichwa na kuiacha picha ikiwa bado na maneno makubwa ya uongo, na kwenye simu jicho la mtu husoma picha kwanza. Kama ulikuwa unaendesha jaribio la kulinganisha picha za jalada kadhaa, lisitishe kwanza, maana mojawapo ya picha zile inaweza kuendelea kuonyeshwa kwa baadhi ya watu.

Kichwa kinaruhusiwa hadi herufi 100 pamoja na nafasi, lakini sehemu kubwa ya mwisho hukatwa kwenye skrini ndogo. Kwa hiyo sharti linaloifanya video kuwa ya kweli liwekwe mwanzoni. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa "Rejesha picha ulizofuta ndani ya siku 60". Ilionekana nzuri, nikataka kuihifadhi. Kisha nikaenda kuhakiki, nikakuta kwamba siku 60 ni za picha zilizohifadhiwa nakala kwenye Google Photos pekee. Picha iliyokuwa kwenye simu tu, bila nakala, hukaa pipani siku 30 kwenye Android. Mtu mwenye picha zisizo na nakala angesoma kichwa changu kipya, akangoja hadi siku ya 45, na kuzikosa. Ningekuwa nimeondoa kosa moja na kuweka lingine lenye sura ya usahihi.

Nikaandika hivi: "Rejesha picha ambazo bado zimo kwenye pipa la Google Photos". Herufi hazifiki 65, haina namba inayohitaji maelezo, na sharti linaonekana mapema. Siku 30 na 60 nikazipeleka kwenye maelezo, ambako kuna nafasi ya kuzifafanua.

Usiongeze neno "SAHIHISHO" mbele ya kichwa isipokuwa kosa limeleta hatari. Mgeni ambaye hakuwahi kuona kichwa cha zamani hataelewa kinachosahihishwa. Ujumbe wa chini ndio mahali pake.

Andika ujumbe wa radhi na uubandike

Fanya hivi saa ile ile, wala usingoje kesho. Kichwa kikibadilika bila maelezo, komenti za wale waliolalamika zinaanza kuonekana kama za watu waliochanganyikiwa: mtu analalamika juu ya neno "kabisa" ambalo halipo tena popote. Umewafanya waonekane waongo, ilhali walikuwa wakikusaidia.

Ujumbe mzuri una mambo manne: kichwa kilisema nini, ukweli ni upi, afanye nini aliyekwisha kutenda kwa kukiamini, na umebadilisha nini na lini. Radhi yenyewe inakaa katikati yake, kwa sentensi moja au mbili. Kwenye simu mistari ya kwanza pekee ndiyo huonekana kabla ya mtu kubonyeza kusoma zaidi, kwa hiyo usianze na salamu wala historia ya chaneli yako. Anza na jambo linaloweza kumwokoa mtu. Huu ndio niliouandika:

> SAHIHISHO: Kichwa cha awali cha video hii, "Rejesha picha ulizofuta kabisa kwenye simu", hakikuwa kweli. USIMWAGE pipa la Google Photos: video inaonyesha kurudisha picha ambazo bado zimo ndani yake tu. Ukishalimwaga, njia hii haizirudishi.
>
> Kosa ni langu. Niliandika kichwa kabla ya kurekodi na sikukirekebisha. Naomba radhi kwa kila aliyepoteza muda, na zaidi kwa aliyemwaga pipa kwa kuniamini.
>
> Kama ulishalimwaga, tafuta nakala mahali pengine: simu ya zamani, kompyuta, kadi ya kumbukumbu, au mtu uliyewahi kumtumia picha hizo. Niandikie hapa chini nikusaidie kutafuta.
>
> Nilichobadilisha tarehe 14 Machi: kichwa, picha ya jalada na maelezo. Sekunde 7 karibu na mwanzo, nilipolisema neno "kabisa", zinakatwa.

Tazama kwamba hakuna "kama kuna aliyekwazika" wala "baadhi yenu mmeelewa vibaya". Hawakuelewa vibaya, walisoma sawasawa kile nilichoandika. Sentensi ya namna hiyo inamrudishia msomaji kosa, na watu huinusa haraka sana. Sababu ya kosa nayo iwe sentensi moja. Ikifika aya nzima inageuka utetezi.

Kuubandika: andika komenti ukiwa umeingia kwa akaunti ya chaneli yenyewe, bonyeza nukta tatu kando yake, chagua Pin, kisha thibitisha. Video moja hubeba komenti moja tu iliyobandikwa. Ukibandika mpya, ile ya zamani inashuka na kujichanganya na nyingine. Ukiihariri baadaye itaonyesha kwamba imehaririwa, jambo ambalo halina ubaya, ila baada ya kila uhariri hakikisha bado iko juu.

Kuna hali moja ambapo hatua hii haiwezekani: video iliyowekwa alama ya kuwa ya watoto haina komenti kabisa. Hapo ujumbe wote uende kwenye mistari ya kwanza ya maelezo.

Sasa shughulikia metadata iliyofichika

Kichwa ndicho kinachoonekana, lakini uongo ule ule huwa umenakiliwa mahali pengine kadhaa.

Anza na maelezo. Mistari miwili ya kwanza ndiyo huonekana kabla ya kufunuliwa, na pia ndiyo inayoweza kujitokeza kwenye matokeo ya utafutaji. Mistari yangu ilirudia neno "kabisa" mara mbili. Niliiandika upya ikasema video inafundisha nini, nikaongeza siku 60 kwa zenye nakala na siku 30 kwa zisizo na nakala, na chini yake mstari mmoja wa tarehe ya sahihisho. Angalia tagi na alama za reli pia. Tagi zina uzito mdogo katika utafutaji, lakini tagi inayosema "rudisha picha zilizofutwa kabisa" ni ahadi ile ile uliyoitubu juu. Iondoe.

Mahali panaposahaulika zaidi ya pote ni tafsiri. Kama uliwahi kuweka kichwa na maelezo kwa lugha ya pili, kubadilisha kichwa cha lugha ya msingi hakubadilishi kile cha tafsiri. Mtazamaji ambaye YouTube yake iko katika lugha hiyo ataendelea kuona kichwa cha zamani kwa miezi, huku wewe ukitazama skrini yako na kuridhika. Fungua sehemu ya lugha za video kwenye Studio na usahihishe kila moja kwa mkono. Mimi nilikuwa na tafsiri moja ya Kiingereza, na niliigundua siku mbili baadaye kwa sababu tu mtu alinitumia picha ya skrini yake. Nilikuwa nimeshatangaza kwamba kila kitu kimerekebishwa.

Baada ya hapo pitia manukuu, majina ya sura, na kadi au skrini za mwisho kwenye video zako nyingine zinazoelekeza kwenye hii. Kadi inayojitokeza inaweza kuwa na maneno uliyoyaandika mwenyewe, na hayo hayabadiliki kichwa kinapobadilika.

Kosa likiwa ndani ya sauti

Hapa pana njia mbili, na nilizitumia zote.

Kipande cha 0:09 hadi 0:16 nilikikata. Kwenye kompyuta, fungua video katika Studio, nenda Editor, chagua Trim & cut, kisha New cut, weka mwanzo na mwisho wa kipande, sikiliza kiungio, na uhifadhi. Anwani ya video, komenti na idadi ya watazamaji vinabaki. Uchakataji unaweza kuchukua saa kadhaa, na katika muda huo watu wanaendelea kuona toleo la zamani. Ndiyo maana ujumbe wangu ulisema sekunde zile "zinakatwa", na niliugeuza kuwa "zimekatwa" baada ya kujionea. Fahamu mipaka pia: video ndefu kuliko saa 6 haihaririwi humo, na iliyopita watazamaji 100,000 inaweza kukataa kuhifadhi mabadiliko, isipokuwa chaneli iko kwenye mpango wa washirika wa YouTube.

Kukata kuna matokeo ambayo wengi hawayatarajii: kila kitu kilichokuwa baada ya mkato kinaanza mapema zaidi. Nilipoondoa sekunde 7, sura iliyokuwa inaanza 1:20 ikawa inaanza 1:13, lakini maelezo bado yaliandika 1:20. Rekebisha orodha yote ya sura. Manukuu nayo yacheze huku ukiyasoma, uone kama yanaenda sambamba na sauti.

Kosa la pili, lile la 6:40, lilikuwa katikati ya maelezo marefu. Nilisema picha zote hukaa siku 60. Kulikata kungeacha pengo lisiloeleweka. Kwa kosa la aina hiyo YouTube ina utaratibu wa sahihisho linalojitokeza kama kadi juu ya video. Unaliandika kwenye maelezo, baada ya orodha ya sura, na neno la kwanza lazima liwe la Kiingereza hata kama maelezo yako yote ni ya Kiswahili:

```
0:00 Utangulizi
1:13 Kufungua pipa
4:48 Kurudisha picha

Correction:
6:33 Siku 60 ni kwa zenye nakala; zisizo na nakala ni siku 30.
```

Ona kwamba muda ni 6:33, kwa sababu sekunde 7 zimeshaondoka. Kama una masahihisho kadhaa, kadi hujitokeza kwenye la kwanza tu, na mtazamaji akiifungua anapelekwa kwenye maelezo kusoma yaliyobaki. Chaneli yenye onyo kali ambalo halijaisha muda haipewi kadi hizi. Isipojitokeza, maandishi yanabaki kwenye maelezo, hivyo hujapoteza kitu.

Kila mara fanya mkato kwanza, kisha ndipo uandike nyakati za sura na sahihisho. Ukigeuza mpangilio utaifanya kazi mara mbili.

Nakala zilizokwisha kusambaa

Taarifa iliyotumwa kwenye simu za wafuatiliaji siku ya kwanza haiwezi kuitwa irudi, na kubadilisha kichwa hakutumi nyingine. Linki iliyotumwa WhatsApp inabaki na kichwa na picha ya siku ile ndani ya mazungumzo. Kama uliisambaza mwenyewe kwenye makundi, njia ni kurudi pale pale na kuandika ujumbe mfupi wa sahihisho chini ya linki ya zamani. Kwa Facebook, chombo kiitwacho Sharing Debugger kina kitufe cha Scrape Again kinachoulazimisha mtandao usome kichwa upya. Matokeo ya Google hubadilika yenyewe baada ya ukurasa kusomwa tena, na siku hizo za kungoja huna cha kuzifanya.

Kama chaneli yako ina wafuatiliaji wengi na kosa lina madhara, weka pia chapisho la maandishi kwenye ukurasa wa chaneli. Aliyetazama video siku ya kwanza na kuondoka hana sababu ya kurudi kusoma komenti iliyobandikwa.

Kujibu walioumia

Usifute komenti za hasira. Zile zenye kutaja kosa ni sehemu ya kumbukumbu, na ukizifuta ujumbe wako wa radhi unabaki ukizungumza na watu wasioonekana. Futa matusi na vitisho tu, kama ambavyo ungefanya siku nyingine yoyote.

Yule aliyemwaga pipa nilimjibu yeye mwenyewe, kwa jambo lake: nikamwuliza kama simu yake ina programu nyingine ya picha yenye pipa lake, na kama aliwahi kuunganisha simu na kompyuta. Hakuwa na nakala. Nilimwambia wazi kwamba sina njia nyingine ya kumpa, na kwamba asimlipe mtu anayemwahidi kuzirudisha bila hata kuiona simu. Kumpa tumaini lingine la uongo kungekuwa kumkosea mara ya pili.

Hakiki kama mtazamaji, kisha soma takwimu

Fungua video kwenye dirisha fiche la kivinjari ukiwa hujaingia kwenye akaunti, kisha kwenye simu, kisha badilisha lugha ya YouTube na ufungue tena. Kila mahali soma kichwa, picha, mistari miwili ya maelezo na komenti ya juu. Itafute pia kwa maneno ya kichwa cha zamani, uone inatokea vipi.

Baada ya siku 7 linganisha takwimu. Huenda asilimia ya wanaobofya ikashuka, na hiyo ni sawa, kwa sababu wanaotafuta kisichokuwepo hawaingii tena. Kinachoonyesha kwamba sahihisho limefanya kazi ni mchoro wa watazamaji wanaobaki. Kabla yake, mstari wangu uliporomoka ghafla karibu na dakika ya pili, pale watu walipotambua kwamba nazungumzia pipa tu. Baadaye mteremko ule ulilainika. Ukiona bado unaporomoka mahali pale pale, kuna ahadi ya zamani iliyobaki mahali fulani. Kwangu ilikuwa ile tafsiri ya Kiingereza.

Ujumbe uuache umebandikwa maadamu takwimu zinaonyesha watu wanaingia kupitia linki za nje, kwa kuwa hao ndio wanaoweza kuja na kichwa cha zamani kichwani mwao. Siku utakayohitaji nafasi hiyo kwa jambo lingine, hamishia sahihisho mwanzoni mwa maelezo kwanza, hifadhi, hakikisha linaonekana, ndipo uubandue ujumbe.